Nilisailiwa kwa nafasi ya Mhasibu Mwandamizi, nimeletewa ofa ya Mhasibu. Nimjibuje wakala wa ajira?

Binti_Kimara (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo natakiwa kulijibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Mimi ni mhasibu hapa Dar es Salaam, nina CPA na uzoefu wa miaka saba, na kwa sasa nimeajiriwa katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Miezi miwili iliyopita wakala mmoja wa ajira alinitafuta kwa niaba ya kampuni inayosambaza vyakula, akanitumia tangazo la nafasi ya Mhasibu Mwandamizi. Nilifanya mtihani wa kuandika, kisha nikasailiwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa mbele ya mkuu wa idara ya fedha mwenyewe. Aliniuliza namna ninavyofunga hesabu za mwezi, namna nilivyojibu hoja za wakaguzi wa nje mwaka jana, na namna nitakavyowasimamia wahasibu wasaidizi wawili waliopo. Tangu mwanzo wakala aliniambia kuwa mshahara wa nafasi hiyo ni Sh 2,400,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Jana asubuhi alinipigia nikiwa ndani ya daladala, akanipongeza kwa kufaulu, kisha akasema kuwa kampuni imeamua kunianza katika nafasi ya Mhasibu, daraja moja chini, kwa mshahara wa Sh 1,700,000, na kwamba baada ya miezi sita "watanipandisha tu". Alitaka nikubali hapo hapo kwenye simu. Nilimwomba anitumie kwa maandishi, na barua ya ofa imefika jana hiyo hiyo jioni. Ndani yake hakuna neno lolote kuhusu kupandishwa.

Mshahara wangu wa sasa ni Sh 1,500,000. Nimeandaa jibu fupi: "Nashukuru kwa ofa yenu, lakini siwezi kuja kwa chini ya Sh 2,200,000." Kabla sijalituma nimeona niwasikilize wenzangu.

---

Nguzo_Tatu

Dada, usitume hata hilo jibu. Mtu aliyekusaili kwa cheo kimoja akakupa kingine amekuonyesha mapema atakavyokutendea ukiwa ndani. Mwambie asante, uendelee na kazi yako. Mtu akishakukubali kwa bei ya chini, hakuongezi tena.

---

Wakili_Mwenge

Mimi naona una haki ya kudai. Tangazo lilisema Mhasibu Mwandamizi, wewe ukaomba, wakakusaili, ukafaulu. Hapo mkataba umekwisha kukamilika, na wao ndio waliouvunja. Pia sheria yetu ya kazi inakataza watu wanaofanya kazi ile ile kulipwa tofauti. Ningekuwa mimi, ningeandika barua ya kuwakumbusha hayo na kutaja kuwa naweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

---

Mzee_wa_Ikama

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa zaidi ya miaka ishirini katika makampuni binafsi ya hapa nchini, na barua za namna hii nimeziandika mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo naomba niseme kwa urefu kidogo.

Kwanza nianze na ndugu Wakili_Mwenge, kwa sababu ushauri wake ukifuatwa utamharibia binti huyu. Tangazo la kazi ni mwaliko wa kuja kuzungumza, na usaili ni mazungumzo yenyewe. Ofa ni ile barua iliyofika jana jioni, nayo inasema Mhasibu. Hakuna mkataba uliovunjwa, kwa kuwa hakuna uliokwisha kufungwa. Kuhusu malipo sawa, sheria yetu inazuia ubaguzi wa misingi iliyotajwa, kama vile jinsia, ujauzito, dini au ulemavu, na katika hilo inamlinda hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Kama angekuwa na sababu ya kuamini kwamba ameshushwa kwa sababu ni mwanamke au kwa sababu ni mjamzito, ningemwambia aende. Kushushwa daraja peke yake hakumpeleki popote, na kutaja Tume katika barua ya kwanza kutafunga mlango ambao sasa uko nusu wazi.

Pili, jibu lako ulilolitayarisha lina hatari ambayo huenda hujaiona. Katika Sheria ya Mikataba kukubali lazima kuwe kamili, bila kuongeza wala kupunguza sharti. Ukijibu kwa kutaja kiasi chako, hujaikubali ofa yao: umeikataa na kuweka ya kwako mezani. Wakisema hapana, huwezi kurudi kesho yake na kusema, "Basi nakubali ile ya Sh 1,700,000," ukatarajia kwamba bado ipo. Wanaweza kuirudisha kwa hiari yao, lakini hawalazimiki. Kuuliza swali ni jambo jingine. Ukiuliza, ofa inabaki hai hadi Ijumaa uliyopewa, ingawa na wao wanaweza kuiondoa kabla hujaikubali. Kwa hiyo jibu la kwanza liwe la kuuliza.

Tatu, uulize nini? Uulize kilichobadilika. Nijuavyo mimi, mtu hushushwa daraja kwa sababu moja kati ya tatu, na kila moja ina dawa yake. Huenda ikama imebadilika, yaani nafasi ile ya mwandamizi imefutwa katika bajeti au amepewa mtu wa ndani. Huenda jopo lilikuona una upungufu fulani, kwa mfano hujawahi kusimamia watu. Au huenda nafasi ni ile ile na kazi ni ile ile, ila mtu fulani ameona kuwa mshahara wako wa sasa ni mdogo na kwamba unaweza kupatikana kwa bei nafuu. Ukiomba nyongeza kabla ya kuijua sababu, utakuwa unabisha hodi kwenye nyumba usiyojua kama ina mtu.

Naomba nikuulize maswali mawili. Je, katika usaili au kwenye fomu ulitaja mshahara wako wa sasa? Na je, barua ya ofa imeambatanishwa na maelezo ya kazi? Kama yamo, yaweke sambamba na yale ya tangazo, uyasome mstari kwa mstari.

---

Subira_Dodoma

Pole sana dada. Hata mimi nilisailiwa kwa Afisa Hesabu daraja la II kupitia Sekretarieti ya Ajira na nilipangiwa kituo mbali na nilikotarajia. Utumishi hakuna mazungumzo ya mshahara, unaingia kwa ngazi iliyopo kwenye muundo wa utumishi na unapanda kwa muda wake. Nakushauri usigomee, maana ukikataa jina lako litatoka na wengine wapo wanasubiri kwenye kanzidata.

---

Binti_Kimara

Nashukuru sana. Subira_Dodoma, asante kwa kunipa moyo, ila hii ni kampuni binafsi na hakuna muundo wa utumishi unaowabana. Ndiyo maana nimeona kuna nafasi ya kuzungumza.

Mzee, shikamoo. Swali la kwanza: ndiyo, wakala aliniomba slipu ya mshahara ya miezi mitatu, nami nikampa. Swali la pili limenifanya nikae kitako. Barua ina kurasa nne, na ukurasa wa tatu ndio wenye maelezo ya kazi. Juu wameandika "Mhasibu", lakini chini yake ni yale yale ya kwenye tangazo: kufunga hesabu za kila mwezi, kuandaa hesabu za mwaka, kuwa kiungo na wakaguzi wa nje, kusimamia wahasibu wasaidizi wawili na kupitia kazi zao. Hakuna mstari hata mmoja uliopungua. Isitoshe, pembeni chini ya ukurasa huo, kwa maandishi madogo, jina la waraka bado linasomeka "Maelezo ya Kazi: Mhasibu Mwandamizi". Walisahau kulibadilisha.

---

Mzee_wa_Ikama

Marahaba mwanangu. Basi sehemu kubwa ya jibu unayo mkononi. Kama wangekushusha kwa sababu ya upungufu, wangekuondolea walau usimamizi wa watu au hesabu za mwaka, wakakuweka chini ya mtu wa kukukagua. Hapa kilichopungua ni jina na fedha. Inawezekana ni uzembe wa aliyeandaa barua, kwa hiyo usiwashutumu, lakini ni hoja yako yenye nguvu kuliko uzoefu wako wa miaka saba, kwa kuwa inatoka katika karatasi yao wenyewe.

Usitaje ile alama ya chini ya ukurasa. Taja majukumu tu. Ukitaja kwamba walisahau kufuta jina, mtu wa upande wa pili ataona aibu, na mtu aliyeaibishwa hutafuta kujitetea badala ya kutafuta ufumbuzi.

---

Fundi_Hesabu

Naomba kuongeza upande wa namba, maana watu wengi hulinganisha mishahara kabla ya makato na kudanganyika. Binti_Kimara, bodi ya mikopo bado inakukata?

---

Binti_Kimara

Ndiyo, bado. Asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

---

Fundi_Hesabu

Basi tazama. Nimechukulia kuwa mshahara wote ni wa msingi, NSSF asilimia 10 upande wako, na kodi ya mshahara ya Tanzania Bara, ambayo juu ya Sh 1,000,000 ni Sh 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi. NSSF inatolewa kwanza, kisha kodi inakokotolewa kwa kinachobaki.

Mshahara wako wa sasa wa Sh 1,500,000 unatolewa NSSF Sh 150,000, kodi Sh 233,000 na mkopo Sh 225,000, unabaki na Sh 892,000. Ofa ya Sh 1,700,000 inakupa mkononi Sh 988,000. Ile ya Sh 2,400,000 uliyosailiwa ingekupa Sh 1,324,000.

Kwa hiyo, nyongeza ya Sh 200,000 unayoiona kwenye barua ni Sh 96,000 tu mfukoni. Katika kiwango chako, kila laki moja wanayoongeza inakufikia kama Sh 48,000 hadi mkopo uishe, na baada ya hapo itakuwa Sh 63,000. Sasa jiulize ofisi mpya iko wapi, nauli ni kiasi gani, na je, wanatoa chakula cha mchana na bima kama unavyopata sasa?

---

Binti_Kimara

Ofisi ya sasa iko Ubungo, natoka Kimara kwa gari moja. Mpya iko Kurasini, ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Sasa hivi bima inanihudumia mimi, mume wangu na watoto wawili, na barua ya ofa inasema "bima ya afya kwa mfanyakazi". Sikuwa nimeliona neno hilo "mfanyakazi" kwa macho haya.

---

Mama_Wawili

Naomba nisimulie yaliyonipata, si kwa ajili ya kukutisha. Mwaka 2019 nilisailiwa kwa usimamizi wa ghala katika kampuni moja, nikapewa nafasi ya msaidizi wa msimamizi. Meneja aliyenisaili aliniahidi kwa kinywa chake kwamba baada ya miezi sita nafasi ingekuwa yangu. Alikuwa mtu mkweli na naamini alimaanisha. Mwezi wa nne alihamishiwa nchi nyingine. Aliyekuja hakuwa na habari na ahadi yoyote, na kwenye faili langu hapakuwa na kitu. Nilifanya kazi ya msimamizi kwa miaka miwili na nusu kwa jina la msaidizi, na nilipoomba kazi kwingine nilisailiwa kama msaidizi, kwa sababu ndivyo barua yangu ya utumishi ilivyosema. Fedha nilizifidia baadaye. Miaka ile miwili na nusu ya uzoefu wa usimamizi sikuweza kuithibitisha kwa mtu yeyote.

---

Mkenya_Thika

Salaam kutoka Thika. Nami nilikubali daraja la chini katika shirika moja Nairobi, na nilipandishwa baada ya miezi minane bila kuandikiana chochote. Kwa hivyo si kila mtu anadanganya. Lakini mimi nilikuwa sina kazi kwa mwaka mzima, na ningekubali hata madaraja mawili chini. Wewe una kazi. Hiyo ndiyo tofauti, na ni vyema waijue kwa upole.

---

Nguzo_Tatu

Mmeona sasa? Kazi zote, jina dogo, bima nusu, magari manne kwa siku. Bado mnataka azungumze nao?

---

Mzee_wa_Ikama

Ndugu Nguzo_Tatu, huenda mwisho wake atakataa, na atakuwa na haki. Ila akikataa leo atakuwa amekataa kitu asichokijua. Swali moja halimgharimu chochote.

Kuna jambo la ndani ambalo waombaji wengi hawalijui. Katika kampuni yenye madaraja, kila daraja lina kiwango cha chini, cha kati na cha juu cha mshahara. Afisa wa rasilimali watu anaweza kukusogeza ndani ya daraja kwa saini yake au ya mkuu wa idara, na hilo humalizika kwa siku moja au mbili. Kukuhamisha daraja kunataka ikama na bajeti vifunguliwe, na mara nyingi hupanda hadi kwa mkurugenzi. Kwa hiyo ukisikia "haiwezekani", uliza kwa adabu ni kipi kisichowezekana: daraja au kiasi?

Lakini uwe mwangalifu. Ukiwekwa kwenye kilele cha daraja la chini, nyongeza zako za kila mwaka zitakuwa ndogo, kwa sababu hakuna pa kupanda tena isipokuwa daraja libadilike. Kilele cha daraja kinafaa tu pale ambapo tarehe ya kutoka ndani yake imeandikwa.

Jambo la pili ni wakala. Yeye si mwajiri, na mara nyingi hulipwa na kampuni pale mtu anapoanza kazi, kwa hiyo anataka jambo hili liishe wiki hii. Si mtu mbaya, ila usimpe hoja zako kwa simu azifikishe kwa maneno yake. Mwandikie barua pepe ambayo anaweza kuipeleka kwa mkuu wa fedha kama ilivyo, bila kubadilisha nukta.

---

Binti_Kimara

Nimeandika hii. Nitaipeleka kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya barua zao, lakini naiweka hapa kwa lugha yetu mnisaidie kuikosoa.

> Ndugu,
>
> Nashukuru kwa barua ya ofa niliyoipokea jana, na kwa muda ambao mkuu wa idara ya fedha na wenzake walinipa katika usaili. Bado nina nia ya dhati ya kujiunga na kampuni.
>
> Nafasi niliyoomba na kusailiwa ni ya Mhasibu Mwandamizi, na barua imetaja nafasi ya Mhasibu. Nimesoma maelezo ya kazi yaliyoambatanishwa na nimeona kwamba majukumu yamebaki kama yalivyokuwa katika tangazo, ikiwa ni pamoja na hesabu za mwaka, mawasiliano na wakaguzi wa nje na usimamizi wa wahasibu wasaidizi wawili.
>
> Ili niweze kutoa jibu la mwisho, naomba kufahamishwa mambo matatu: sababu ya mabadiliko ya daraja; kama majukumu yaliyoambatanishwa ndiyo yanayokusudiwa kwa daraja hilo; na kama kuna nafasi ya kulipitia upya daraja au mshahara. Katika simu ulitaja kupandishwa baada ya miezi sita. Naomba kujua kama jambo hilo linaweza kuandikwa katika barua, pamoja na vigezo na mshahara utakaofuata.
>
> Maswali haya si kuikataa ofa. Kwa kuwa majibu yanaweza kuhitaji muda, naomba mwisho wa kujibu usogezwe hadi Jumatano.

Nimeacha kutaja kiasi, na sikumtaja mtu wala kulalamika. Je, nitaje pia bima?

---

Mzee_wa_Ikama

Barua ni nzuri. Hiyo sentensi ya "maswali haya si kuikataa ofa" usiiondoe kwa vyovyote vile. Bima iache kwa sasa. Ukiweka maombi saba, watakujibu lile jepesi na kuruka yale mazito, na jepesi ni bima. Wakikujibu kuhusu daraja, ndipo uilete.

---

Wakili_Mwenge

Nakubali kwamba nilikosea kuhusu mkataba. Lakini bado nasema angetaja kiasi. Mtu asipotaja kiasi, upande wa pili hutaja kidogo, na kikishatajwa kinakuwa ndio mwanzo.

---

Fundi_Hesabu

Hapo niko na Wakili_Mwenge nusu. Kiasi cha Sh 2,400,000 kilitajwa na wakala mwenyewe tangu mwanzo. Angeweza kuongeza maneno haya: "ikilinganishwa na Sh 2,400,000 uliyonitajia awali." Hilo ni kumbukumbu ya maneno yao, si ofa mpya.

---

Binti_Kimara

Nimeongeza maneno ya Fundi_Hesabu katika aya ya pili na nimeituma saa nne asubuhi. Nitawarudia.

---

Binti_Kimara (baada ya siku nne)

Nimerudi, samahani kwa kukawia.

Wakala alinipigia dakika ishirini baada ya barua kufika, sauti yake ikiwa imebadilika kidogo, akaniambia kuwa "nitawapoteza". Nilimjibu kwamba naheshimu muda wa kampuni na kwamba ningeshukuru majibu kwa maandishi. Ijumaa ilipita kimya. Nakiri kwamba usiku ule sikulala vizuri.

Jumatatu majibu yalikuja, yameandikwa na afisa rasilimali watu wa kampuni yenyewe. Anasema kuwa baada ya usaili kampuni iliamua nafasi moja ya Mhasibu Mwandamizi apewe mtu wa ndani aliyekuwa akikaimu, na kwamba nafasi iliyobaki ni ya Mhasibu. Anakiri kuwa maelezo ya kazi yaliambatanishwa kimakosa. Ameleta mapya: usimamizi wa wasaidizi umeondolewa, na hesabu za mwaka nitaziandaa mimi, lakini zitapitiwa na huyo mwandamizi. Mshahara wameusogeza hadi Sh 1,950,000, ambacho anasema ndicho kiwango cha juu cha daraja hilo. Kuhusu kupandishwa, wameongeza sentensi hii: "Nafasi na mshahara wa mfanyakazi vitapitiwa upya baada ya miezi sita kwa kuzingatia utendaji wake na mahitaji ya kampuni."

Kwa hesabu za Fundi_Hesabu nimepata Sh 1,108,000 mkononi, yaani Sh 216,000 zaidi ya sasa, kabla ya nauli. Bima bado ni ya mfanyakazi peke yake.

---

Fundi_Hesabu

Hesabu yako ni sahihi. Toa nauli ya magari mawili ya ziada kwa siku ishirini na mbili, kisha mwombe mtu wa bima akuambie mwenza na watoto wawili watagharimu kiasi gani kwa mwaka, ugawe kwa kumi na mbili. Nina wasiwasi kwamba itameza sehemu kubwa ya nyongeza hiyo.

---

Nguzo_Tatu

Angalau sasa wamesema ukweli. Mimi bado ningebaki Ubungo, lakini nakubali kwamba barua ilifaa.

---

Mama_Wawili

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, mdogo wangu. "Vitapitiwa upya." Hata mimi wangeniandikia hivyo, wangekuwa wameitimiza kwa kukaa nami dakika kumi na kuniambia endelea vivyo hivyo.

---

Mzee_wa_Ikama

Mama_Wawili ameona sawasawa. Sentensi hiyo inaahidi kikao, haiahidi cheo, na maneno "mahitaji ya kampuni" yanawaachia mlango wa kutokea. Kwa upande mwingine, tuwe waadilifu: kama nafasi ya mwandamizi ni moja na ina mtu, afisa huyu hawezi kuandika kwa ukweli kwamba utakuwa mwandamizi baada ya miezi sita. Angekuandikia hivyo ningemshuku zaidi. Kwa hiyo swali lako limebadilika. Mwanzoni ulikuwa unapewa kazi kubwa kwa jina dogo. Sasa unapewa kazi ndogo kidogo kwa jina linalolingana nayo, katika kampuni ambayo kwa sasa huoni nafasi ya kupanda. Kama uliitafuta kazi hii ili usimamie watu, haimo tena ndani yake.

Ukitaka kuendelea nao, omba mambo mawili tu. La kwanza ni bima ya familia, na sasa ndio wakati wake. La pili ni kwamba baada ya miezi sita wapitie mshahara peke yake kwa kigezo kinachopimika, kwa mfano hesabu za mwezi kufungwa ndani ya siku mlizokubaliana kwa miezi minne mfululizo, na kiasi cha nyongeza kiandikwe kwa tarakimu. Kwa mtu aliye kwenye kilele cha daraja, hilo ni gumu, lakini wakikubali utajua kwamba wana nia.

Wala usiache kazi kabla hujashika mkataba wenye saini za pande zote mbili. Kwa mshahara wa mwezi unatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na siku hizo zianze kuhesabiwa baada ya saini, si baada ya simu ya wakala.

---

Mkenya_Thika

Na huyo aliyekuwa akikaimu, umeshamwona? Ndiye atakayekuwa bosi wako wa kila siku. Mimi ningeomba nusu saa naye kabla ya kutia saini.

---

Binti_Kimara

Hilo sikulifikiria kabisa, na naona ni la maana, kwa kuwa yeye ndiye atakayepitia hesabu nitakazoandaa. Nimeomba kuonana naye, na katika barua hiyo hiyo nimeomba bima ya familia na kigezo cha mshahara alichotaja Mzee. Wamejibu kwamba la kuonana naye limekubaliwa, Alhamisi saa nane mchana, na kwamba hayo mengine yako kwa mkurugenzi.

Mzee, swali la mwisho: hiyo miezi sita inahesabiwa kuanzia lini? Barua ina muda wa majaribio wa miezi sita vilevile.

---

Mzee_wa_Ikama

Waambie waandike "kuanzia tarehe ya kuanza kazi". Wasipoandika hivyo, wanaweza kusema kuwa ni baada ya kuthibitishwa kazini, na muda wa majaribio unaweza kurefushwa hadi ufike miezi kumi na miwili kwa jumla. Hapo miezi yako sita itakuwa mwaka mmoja na nusu, na hakuna atakayekuwa amevunja neno hata moja la barua.